Kabla hujawarudisha watu semina, tafuta kila mtu amekwama wapi

Kuna kosa nililifanya na naliona likirudiwa ofisi nyingi: utaratibu mpya wa kazi ukigoma, jibu la kwanza ni "waitwe tena kwenye mafunzo". Nilikuwa nasimamia timu ya watu 8 tulipohama kutoka fomu za karatasi za maombi ya manunuzi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta. Zamani ukitaka kitu unajaza fomu, unazunguka nayo kutafuta saini, unaipeleka kwa mkono kwa wa manunuzi. Sasa ombi linaingizwa kwenye mfumo, linaidhinishwa humo humo, na bila namba ya ombi saplaya haagizwi chochote. Tukafanya semina siku mbili, watu wote pamoja, wakafanya na jaribio la mwisho wakafaulu vizuri tu. Baada ya wiki tatu nikahesabu, karibu nusu ya maombi bado yanakuja kwa karatasi.

Hapo ndipo nikaichukulia ADKAR kwa uzito. Ni modeli ya Jeff Hiatt, mwanzilishi wa kampuni ya Prosci, na wazo lake kuu ni kwamba ofisi haibadiliki, wanaobadilika ni watu, mmoja mmoja, na kila mmoja anapita hatua tano kwa mpangilio. Herufi zake zimetoka kwenye maneno ya Kiingereza lakini mimi nazisema hivi: kuelewa kwa nini tunabadilika, kutaka kushiriki, kujua namna ya kufanya, kuweza kufanya kwenye kazi yenyewe, halafu kudumu nalo. Mpangilio ndio wenye maana kubwa, manake mtu aliyekwama hatua ya pili hata umpe maarifa ya hatua ya tatu kiasi gani hayatamsogeza.

Namna ya kuitumia ni rahisi. Unakaa na mtu mmoja, mimi nilitumia kama dakika 20, unampa alama 1 mpaka 5 kwa kila hatua, halafu unaanza kusoma kutoka mwanzo na ile ya kwanza yenye 3 au chini ndiyo kizuizi chake. Unashughulika na hiyo kwanza, za mbele zinasubiri hata kama nazo ziko chini. Ila usimuulize mtu "unaelewa?" kwa sababu atakwambia ndiyo, wewe ni bosi wake. Mwambie "nieleze kwa maneno yako kwa nini tumeacha karatasi", mwambie "hebu niingizie ombi hili nikiona". Alama itoke kwenye alichosema na alichofanya, kujisifia kwake au upole wake usikuchanganye.

Wa kwanza kukaa naye alikuwa msaidizi wa uhasibu. Nikamuuliza sababu ya mfumo akanijibu taratibu kabisa, "si mnataka kuona nani hafanyi kazi mpunguze watu." Kumbe ndicho alichokuwa anaamini muda wote. Sababu halisi ni kwamba tulikuwa tumeshalipa ankara moja mara mbili, kwa kuwa fomu zilikuwa zinapotea na hakuna njia ya kulinganisha kilichoombwa na kilichopokelewa, lakini tangazo la kuanzisha mfumo lilisema tu "kuboresha ufanisi", na mtu akiachiwa neno kama hilo atajijazia mwenyewe. Kwa hiyo kizuizi chake kilikuwa hatua ya kwanza, na semina ilimpita juu. Kilichosaidia ni mkurugenzi kuwaambia watu waziwazi habari ya ile ankara, halafu mimi kukaa naye na kumwonyesha kazi yake inabadilika wapi na wapi haibadiliki. Hivi vitu viwili visichanganywe: sababu ya kampuni watu wanataka kuisikia kwa mkubwa, ila "mimi itanigusa vipi" wanataka kuisikia kwa msimamizi wao wa kila siku.

Aliyenifundisha zaidi ni mtunza stoo. Kuelewa 5, kutaka 2, kujua 4. Mfumo anaujua vizuri, hata wenzake alikuwa anawaelekeza, lakini mwenyewe anatumia karatasi! Ningemrudisha semina ningemtukana. Nilipomwuliza akasema, "Bosi, mwenye kuidhinisha akisafiri ombi linalala siku mbili, vitu vikiisha stoo nani analaumiwa? Mimi." Na alikuwa sahihi kabisa. Kwenye karatasi alikuwa anamfuata mtu mwingine asaini, kwenye mfumo mwenye ruhusa alikuwa mmoja tu. Tukaweka kaimu wa kuidhinisha na tukakubaliana ombi la stoo lisikae zaidi ya saa 4 bila jibu. Wiki iliyofuata aliacha karatasi bila kuambiwa. Ndiyo maana nasema alama ndogo kwenye kutaka usiisome haraka kama ukaidi, mara nyingine mtu anakwambia utaratibu wenyewe una tundu, na ADKAR haitakuonyesha hilo tundu, yenyewe inakwambia tu mtu amesimama wapi, kusikiliza ni kazi yako.

Halafu kuna kujua na kuweza, hapa ndipo wengi tunateleza kwa sababu tunaona ni kitu kimoja. Afisa manunuzi wetu alipata alama zote kwenye jaribio la semina, akaweza kunitajia hatua zote kwa kichwa. Nikampa ombi la kweli, mzigo ulioletwa nusu na nusu nyingine kurudishwa kwa saplaya, akakwama dakika 40 huku simu zinalia. Kujua 5, kuweza 2. Semina ilikuwa na mifano misafi, kazi haiko hivyo. Huyu hakuhitaji maelezo mengine, alihitaji muda wa kukosea pasipo presha, kwa hiyo tukampunguzia maombi kwa wiki mbili na tukamkalisha na mwenzake aliyeshazoea, kila kesi ngumu wanaifanya pamoja yeye akiwa ndiye anayebonyeza. Ukitaka kujua kama mtu yuko hapa angalia kama makosa yake yanatokea kwenye kesi ngumu tu, na kama anajua alipokosea kabla hujamwambia.

Hatua ya tano nilidhani itajipa yenyewe. Mwezi wa pili karatasi zilikuwa zimeisha kabisa, mwezi wa tatu zikarudi tano kwa wiki moja, nikashangaa. Nikafuatilia nikakuta chanzo ni mimi. Kulikuwa na oda ya haraka, nikasaini karatasi "kwa leo tu", na watu wakaelewa kuwa njia ya zamani bado ipo ukiwa na haraka, na nani hana haraka? Fomu za zamani zenyewe zilikuwa bado zimejaa kwenye droo. Tukazitoa zote, uhasibu wakaacha kulipa ankara isiyo na namba ya ombi, na mimi nikaanza kuhesabu karatasi kila Ijumaa na kuwaambia timu idadi, pamoja na kumshukuru aliyemaliza kesi ngumu ndani ya mfumo, nikiitaja kazi yenyewe aliyoifanya.

Kati ya wale 8, waliohitaji mafunzo zaidi walikuwa wawili tu. Wote wawili tuliwafundisha kwenye meza zao, kwa maombi yao wenyewe, na haikuchukua hata asubuhi moja.