Meneja mkali, meneja mpole, na alama za mwisho wa mwaka

Chukua mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye matawi Kisumu, Kakamega na Busia. Kila Desemba mameneja watatu hujaza fomu za tathmini za maafisa wao wa mikopo kwa kipimo cha 1 hadi 5, na anayepata 4 au zaidi hupewa bonasi. Fomu ni moja na vigezo ni vile vile, lakini Kisumu maafisa sita wamepata 5, 4, 4, 4, 4 na 4. Kakamega watano wamepata 4, 3, 3, 3 na 3. Na Busia wanne wamepata 4, 4, 3 na 3. Afisa wa Kakamega anayejua kwamba mwenzake wa Kisumu anafanya kazi kama yake na kupata bonasi ana haki ya kuuliza alama yake ilipimwa kwa mizani gani.

Swali lake lina msingi. Mwaka 2000 watafiti Scullen, Mount na Goff walichapisha uchambuzi wa alama walizopewa mameneja na wakubwa wao, wenzao na walio chini yao, na wakaona kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za alama hizo ilitokana na namna ya kupima ya yule aliyezitoa, wala si utendaji wa aliyepimwa. Hivyo wanaotetea kuoanisha alama kabla hazijafungwa hawatetei urembo wa takwimu. Wanadai kwamba alama inayoamua mshahara wa mtu isitegemee bahati ya kupangiwa meneja mpole au mkali.

Ugumu huanza pale njia ya kuoanisha inapochaguliwa. Inayovutia idara za wafanyakazi kuliko zote ni ya hesabu: tafuta wastani wa taasisi nzima, kisha kila tawi lipandishwe au lishushwe hadi lifikie hapo. Katika mfano wetu wastani wa wote ni takriban 3.7. Kisumu, yenye wastani wa takriban 4.2, inapunguziwa nusu alama. Kakamega, yenye 3.2, inaongezewa karibu nusu. Na Busia inasogezwa kidogo tu. Tazama matokeo. Maafisa watano wa Kisumu waliokuwa na 4 sasa wana 3.5 na wamepoteza bonasi, ilhali wale wanne wa Kakamega waliokuwa na 3 wamefika karibu 3.5 na bado hawapati kitu. Waliolipwa bonasi wamepungua kutoka tisa hadi wanne, na aliyelalamika Kakamega hajafaidika hata kwa shilingi moja.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba wastani wa juu hauelezi sababu yake. Huenda meneja wa Kisumu ni mpole, na huenda pia amewaajiri na kuwafundisha watu wazuri. Hesabu haiwezi kutenganisha mambo hayo mawili, hasa katika kundi la watu watano au sita, ambamo mfanyakazi mmoja hodari anatosha kuupandisha wastani. Mfumo wa kugawa alama kwa mafungu yaliyopangwa mapema, ambao Microsoft iliuacha Novemba 2013, una udhaifu huo huo: unachukulia kwamba kila kundi lina wabovu wake, hata pale wasipokuwepo.

Njia ya pili ni kikao. Mameneja hukutana, kila mmoja akaeleza alama alizotoa na ushahidi wake, na zile zisizoelezeka zikarekebishwa. Hapa ndipo ninapoona faida halisi ya zoezi hili, kwa sababu kikao kinaweza kuuliza jambo ambalo hesabu haiwezi: je, kazi hizi kweli zinafanana? Tuseme afisa wa Kisumu ana mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 kwa asilimia 4 ya fedha alizokopesha, na wa Busia ana asilimia 7. Kwenye karatasi, wa Kisumu ni bora. Lakini wateja wa yule wa Kisumu ni walimu, ambao marejesho yao hukatwa kwenye mshahara kila mwezi, na wateja wa yule wa Busia ni wakulima wa miwa, ambao hungoja malipo ya kiwanda, na kiwanda kikichelewa nao huchelewa. Afisa aliyewafuata wakulima hao, akaandika upya ratiba za marejesho kabla hazijaharibika, na kuzuia asilimia 7 isifike 15, huenda amefanya kazi ngumu kuliko yule ambaye mikopo yake hujilipa yenyewe.

Hata hivyo, wanaokitilia shaka kikao wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Anayejadiliwa hayumo chumbani, na alama yake hutegemea ufasaha wa meneja wake. Mwenye meneja mnyamavu hushushwa. Mkubwa akizungumza kwanza, wengine hufuata. Na meneja akishazoea kwamba kikao hupunguza, mwaka unaofuata hupandisha alama mapema ili ziwepo za kukatwa, na mchezo huo huharibu hata zile fomu ambazo zamani zilijazwa kwa uaminifu. Dalili yake ni rahisi kuiona: tangu vikao vianze, wastani wa alama zinazowasilishwa hupanda kila mwaka, ilhali matokeo ya kazi yamebaki pale pale.

Kwa hiyo naona sehemu kubwa ya kazi ifanyike kabla ya alama kutolewa. Mnamo Novemba mameneja wote wapewe mafaili matatu au manne ya wafanyakazi wa miaka iliyopita, majina yakiwa yamefutwa, na kila mmoja aandike alama yake peke yake. Faili moja likipata 4 kwa mmoja na 2 kwa mwingine, wajadili hadi wakubaliane kile kinachostahili 3 na kile kinachostahili 4, na mifano hiyo iandikwe iwe kipimo cha mwaka huo. Kikao cha baadaye kitakuwa kifupi, kitashughulikia alama za mpakani tu, mkubwa atazungumza mwisho, na kila badiliko litaandikiwa sababu ambayo meneja ataweza kumweleza mhusika uso kwa uso. Nchini Kenya sharti hilo la mwisho lina uzito wa kisheria pia: kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kusikiliza utetezi wake. Mwajiri atajieleza kwa shida ikiwa alama anayoitegemea ilishushwa kikaoni na hakuna aliyeandika kwa nini.

Njia hii ina gharama yake. Mameneja watatu kukaa siku nzima na mafaili ya zamani mwezi ambao marejesho yanafuatiliwa kwa nguvu si jambo dogo, na chama chenye meneja mmoja au wawili kinaweza kumaliza suala hili kwa mazungumzo ya kawaida. Palipo na matawi mengi, kipo kipimo kisicho na gharama cha kujua kama zoezi limefaulu, nacho ni wafanyakazi waliohamishwa. Ikiwa maafisa wanaotoka Kisumu kwenda Kakamega hushuka kutoka 4 hadi 3, na wanaokwenda upande wa pili hupanda, huku viwango vyao vya marejesho na aina ya wateja wao havijabadilika, basi mameneja bado wanapima tofauti, hata kama wastani wa matawi yote sasa unalingana.