"Opereta hakuwa makini" si jibu

Sisi hapa Mtwara tunabangua korosho kidogo kidogo tu, tunapaki nusu kilo kwenye mifuko ya vakyumu. Mwezi jana pakti zikaanza kulegea dukani, yaani tuliipaki ikiwa ngumu kama tofali we unaikuta imeingia hewa, na kwa unyevu huu wa pwani korosho inakuwa laini na mafuta yake yanachacha.

Nikampigia sapalaya wa mifuko Dar, hata sijamaliza kuongea akasema: "Dada, hiyo mashine yako." Hapo ndo wengi tunanyamaza. Mi nikachukua pakti 12 zilizolegea nikazizamisha kwenye beseni la maji nikaziminya taratibu. Kwenye 11 mapovu yalitokea pembeni, kwenye mshono unaozibwa kiwandani kwao, moja tu ndo ilivujia mdomoni ninapoziba mimi (hiyo sawa, yangu). Daftari la kupaki likaonyesha zote 11 ni bachi moja, ingawa mzigo ulikuja na bachi mbili. Nikapaki tena mifuko 10 ya kila bachi, siku ileile, mashine ileile, moto uleule. Baada ya siku tatu ile bachi yenye shida imelegea minne, nyingine hata mmoja hakuna.

Ndo nikamwandikia, na picha za lebo. Nikaomba namba ya rola la plastiki lililotumika, rekodi ya joto la mashine ya kuziba siku hiyo, majibu ya kipimo cha kuvuta mshono, na maelezo ya mambo mawili: kosa lilitokeaje, na lilipitaje ukaguzi wao bila kuonekana. Hilo la pili watu husahau kuuliza.

Jibu la kwanza: opereta hakuwa makini, ameonywa. Sasa mimi nifanye nini na onyo la mtu? Nikamuuliza, hakuwa makini kwenye kitu gani, na mbona bachi ya jana yake ni nzima na opereta ni huyohuyo?

Wiki nzima kimya, halafu wakaleta. Karatasi ya joto ilikuwa nzuri mno, namba moja usiku kucha, na mimi nikadhani wameipika. Kumbe ni kweli, walibadilisha hita ya upande mmoja usiku, sensa ikarudishwa vibaya, ikawa inasoma joto la hita badala ya la chuma kinachoziba, kwa hiyo namba ilikuwa inasoma sawa ila chuma chenyewe kimepoa. Na kipimo cha kuvuta walikuwa wanafanya asubuhi tu, mwanzo wa shifti, kabla hita haijaguswa. Ndo maana mimi rekodi ya joto peke yake hainitoshi, nataka ya kuvuta, na nataka saa iliyopimwa.

Sasa wanapima kila baada ya kugusa mashine, wamenitumia na fomu yenyewe. Mifuko iliyobaki ya bachi ile wameichukua. Hela ya korosho zilizochacha ndo bado tunavutana.