Kudai Chako Bila Samahani Tano

Fundi cherehani ameshona sare za kwaya, mama mwenyekiti amezichukua, kwaya imeshaimba nazo, na salio la shilingi 180,000 halijalipwa. Mwezi unapokatika fundi anaandika WhatsApp:

"Shikamoo mama, samahani sana kwa usumbufu, najua una mambo mengi, nilikuwa naomba tu kuulizia kidogo kama labda ikiwezekana ungenisaidia ile hela iliyobaki, ila kama bado hamna shida mama, samahani tena."

Ujumbe wa namna hii tunauandika kila siku na tunauita adabu. Mimi naona unamwonea aliyeuandika, na hata anayeusoma haumsaidii.

Usome kama mama anavyoupata. Simu inaita akiwa sokoni, anatupia jicho kwenye kioo, anaona maneno ya mwanzo tu: shikamoo, samahani sana kwa usumbufu. Hajui anatakiwa kufanya nini. Akiufungua baadaye, kiasi hakimo, siku haimo. "Ungenisaidia" imeligeuza deni kuwa hisani, na msaada mtu hutoa akijisikia. Kisha "kama bado hamna shida" imemfungulia mlango wa kutokea kabla hajauomba. Kwa hiyo anajibu kwa moyo safi kabisa: "Usijali mwanangu, nitaangalia."

Jibu hilo ndilo dalili ninayoiamini kuliko zote. Ukiletewa "usijali" au "wala hujanisumbua", ujue umejibiwa samahani yako. Ombi lenyewe halijaguswa.

Sasa tupunguze. Shikamoo inabaki, tena hiyo isiguswe; kumwandikia mtu mzima bila salamu si uwazi, ni ujeuri. "Naomba" inabaki pia, kwa sababu "naomba unimalizie" tayari ni lugha ya heshima iliyokamilika. Haihitaji kubebwa na "nilikuwa", "tu", "kidogo", "labda" na "ikiwezekana" kwa pamoja. Kila neno kati ya hayo likiwa peke yake halina ubaya. Yakipangwa matano mfululizo, msomaji anaanza kujiuliza kama fundi mwenyewe ana uhakika kwamba anadai. Samahani zote mbili zinaondoka, maana fundi hajakosea chochote. Panapokosekana kiasi na siku, tunaviweka:

"Shikamoo mama. Naomba unimalizie salio la sare za kwaya, shilingi 180,000, kabla ya Ijumaa tarehe 14. Namba ni ileile uliyotumia mwanzo. Asante sana mama."

Sioni ukavu hapo. Ana salamu, ana "mama" mara mbili, ana shukrani. Mama naye amepata kitu cha kujibu: ndiyo, hapana, au "Ijumaa sitaweza, nipe hadi Jumatatu", na hilo la mwisho ni jibu zuri kwa sababu lina siku.

Wapo wanaovuka mpaka. Wakiambiwa waandike wazi wanatuma "Nitumie hela yangu leo." Hapo kilichokatwa ni heshima yenyewe, na mtu mzima akiandikiwa hivyo anaweza kuchelewesha makusudi. Kazi yetu ni kuondoa marudio na visingizio. Salamu, naomba na asante haviwi mzigo hata siku moja.

Tena deni si sawa na fadhila. Fundi huyohuyo akitaka mama amtambulishe kwa kwaya ya usharika wa jirani, "kama utapata nafasi" inafaa, kwa kuwa mama ana haki ya kukataa na fundi anamaanisha hivyo. Kipimo changu ni hicho: je, uko tayari kweli aseme hapana? Kama uko tayari, kilainishi kimoja kiache. Kama hauko tayari, kitoe, kwa sababu unaahidi usichokusudia.

Na samahani ina mahali pake. Kama sare zilichelewa wiki moja, fundi aombe radhi, mara moja, kwa kulitaja kosa: "Samahani mama, sare zimechelewa, utazipata Jumatano jioni." Lakini anayeomba radhi hata kwa kusalimia, siku akikosea kweli samahani yake haitasikika.

Panapowashinda wengi ni ujumbe wa pili. Ijumaa imepita, kimya, na woga unarudi na "samahani kwa kukukumbusha tena." Usiongeze hata neno moja la kulainisha, wala usiongeze ukali. "Shikamoo mama. Nakumbushia salio la sare, shilingi 180,000, lililokuwa la Ijumaa. Naomba uniambie ni siku gani utalituma." Ukishatuma, weka simu chini. Usimfuatishie ujumbe mwingine wa kujieleza, maana huo atausoma wa kwanza, na ndio atakaoujibu.