Farasi anakohoa, hana homa, anakula vizuri: wekeni sindano chini kwanza, kaangalieni hei

Kazi yangu ya kila siku huku Mwanza ni ng'ombe, mbuzi na kuku, farasi ukanda huu wa ziwa ni wachache mno, ila hao hao wachache simu zao hazikosi na nyingi zinafanana. "Bwana mifugo, farasi anakohoa, tumemchoma antibayotiki dozi nzima, alipoa kidogo, sasa karudi vile vile." Msimamo wangu nausema wazi, farasi mtu mzima anayelala bandani, anakohoa wiki na wiki, hana homa, chakula anamaliza, huyo msimpe antibayotiki nyingine mpaka muwe mmeangalia anachovuta puani. Mara nyingi huyo ana pumu ya farasi, ile ya kuziba njia za hewa inayokuja na kuondoka na kurudi tena, na haiambukizi, haina bakteria wa kuua, inaletwa na vumbi la hei, yaani yale majani makavu ya kulisha, na la matandiko.

Nitoe mfano wa jike mmoja kule Luchelele, umri miaka 14, na umri ni kitu cha kuangalia maana hali hii ikifikia ukali huu inawapata zaidi waliovuka miaka 7 hivi. Mama mwenye farasi alisema anakohoa asubuhi akianza kutembezwa na jioni akila. Nikampima joto 37.8, kawaida kabisa. Nikasimama nje ya chumba chake bila kumgusa nikahesabu pumzi kwa kuangalia ubavu, 28 kwa dakika, wakati farasi aliyetulia anatakiwa awe kati ya 8 na 16. Pua zimetanuka amesimama tu hajafanya kazi yoyote, na akitoa pumzi tumbo linasukuma mara mbili, mara ya kwanza kawaida alafu linajikaza tena mwishoni kulazimisha hewa itoke, maana mirija midogo ndani imebana na imejaa makohozi. Farasi akisukuma hivyo muda mrefu ule msuli wa tumbo unakua na unaona mstari unaofuata ukingo wa mbavu za nyuma. Huyu alikuwa nao tayari.

Sasa bahati ikawa kuna dokta wa farasi amekuja upande huu na endoskopu, tukaomba aingie. Kwa wasioijua ni mpira mrefu mwembamba wenye taa na kamera kwenye ncha, unapitishwa puani, unafika kooni, unangoja farasi avute pumzi ndo unaingia kwenye bomba la hewa. Saisi alimshika kwa kamba ya mdomo wa juu, haikuchukua muda. Pale bomba linapoingia kifuani linakuwa na bonde, ndo sehemu ya chini kabisa, na makohozi yanatuama hapo, kwa hiyo ukiishia juu unaweza kusema farasi msafi kumbe hukufika. Wanaopima wanatumia alama 0 hadi 5, yaani 0 hamna kitu, 1 ni vidonedone vichache, katikati vinaanza kuungana na kuwa mkondo, 5 ni bomba limejaa. Farasi wa kupanda kawaida akifika 3 mjue kuna shida. Huyu alikuwa 4, dimbwi jeupe zito kama uji uliolala, na kila akivuta pumzi unaona linatikisika.

Mama akauliza swali ambalo kila mtu anauliza, "si usaha huo? Mbona hamumpi dawa ya usaha?" Jibu ni kwamba makohozi peke yake hayakuambii yametoka wapi, kuna magonjwa mengine yanayaleta, na ukitaka uhakika unaosha sehemu ya pafu kwa maji ya chumvi safi ya vuguvugu, unayarudisha na kuyaangalia chini ya darubini. Kwa farasi mzima seli nyeupe zinazoitwa neutrofili hazizidi 5% hivi, kwenye pumu kali zinavuka 25%, na zimekuja kwa sababu ya vumbi, bakteria hawahusiki. Ila kwa huyu hatukuhitaji kufika huko, vilitosha umri, kukohoa kusikoisha, kuhema amesimama, hana homa, makohozi 4, na banda lenyewe nitalisema sasa hivi. Tahadhari moja naiweka hapa kwa sauti kubwa, farasi mwenye homa kali, ghafla, amevimba juu ya macho au anatoa povu puani, hiyo sio pumu, hiyo inaweza kuwa ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoua haraka, mpigie dokta saa hiyo hiyo.

Banda. Kwa macho lilikuwa safi, limefagiliwa, na mama analipenda. Hei inanunuliwa kwa marobota, nyingine ilikatwa mwisho wa mvua ikafungwa bado ina unyevu, na robota likifungwa bichi linapata joto ndani na ukungu unaota. Ukilifungua unaona unga wa kijivu, ukilipiga linatoa moshi. Ule unga ni mbegu za ukungu kama Aspajilasi pamoja na masalia ya bakteria, vidogo kiasi kwamba vinapita pua na koo vinakwenda mpaka ndani kabisa ya mapafu. Marobota yenyewe yamepangwa chumba cha pili, ukuta hauendi mpaka juu. Hei anawekewa kwenye wavu uliofungwa usawa wa kichwa. Hapo ndo watu wananipinga sana, wanasema mbona banda lina madirisha na upepo wa ziwa unaingia mchana kutwa. Ni kweli unaingia, ila farasi akichomoa hei kwenye wavu anatumbukiza pua humo humo ndani na kuitikisa, vumbi linatoka sentimita chache kutoka puani, dirisha linalisaidia banda wakati yeye ameshavuta lake. Na akila kichwa kiko juu hata makohozi hayashuki, farasi anajisafisha bomba la hewa akiinamisha shingo.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa wavu ulitoka, hei chini. Cha pili hei ikaanza kuloweshwa, na hapa kwetu kwenye joto kuna namna yake, maana watu wanasikia "lowesha" wanaloweka jioni walishe asubuhi. Hapana jamani. Tumbukiza hei yote izame kwenye pipa, dakika 10 mpaka 30 zinatosha kushika vumbi, itoe, iache ichuruzike, mpe saa hiyo. Ukiiacha masaa na masaa kwa joto la Mwanza bakteria wanazaliana humo na inaanza kuchacha, alafu sukari na madini yanatoka na maji, ukaishia kulisha makapi. Kunyunyizia juu juu kwa keni nako hakufiki katikati. Na ile iliyobaki ikikauka vumbi linarudi kama kawaida, kwa hiyo mabaki yanatolewa. Hei yenye ukungu unaoonekana msijaribu kuiokoa kwa maji, hiyo tupa. Na yale maji ya kahawia ya kwenye pipa msiyamwage kuelekea ziwani, ni machafu kweli kweli, mwageni shambani.

Matandiko alikuwa analalia majani ya mpunga maana ni rahisi na yanapatikana kwa wingi kutoka Magu na Kwimba. Tukahamia maranda, yale makubwa yanayotoka kwenye randa. Ule unga wa msumeno msiuchukue, fundi atakwambia ni kitu kimoja, ila ule wenyewe ni vumbi. Ulizeni pia ni mbao gani, vumbi la mvule linawasha hata mafundi wenyewe.

Ila kilichokaribia kuharibu kila kitu ni jirani. Chumba cha pembeni kuna farasi mwingine, mzima, hakohoi, na mama akaona huyo aendelee na hei kavu na majani ya mpunga, ya nini kumsumbua saisi na mapipa mawili. Jike akapata nafuu kidogo alafu akakwama hapo hapo. Hewa ni moja jamani, ukuta wa nusu hauzuii kitu. Siku yule wa pembeni naye alipowekewa hei iliyoloweshwa na maranda, na marobota yakahamishiwa kibanda cha mbali, na kufagia kukawa farasi wote wakiwa nje na sakafu imenyunyiziwa maji kwanza, ndo mambo yakaanza kubadilika.

Najua wataalamu watasema dawa bora kuliko zote ni kumtoa nje, alale malishoni usiku na mchana. Nakubali, kwa mapafu hakuna kinachoishinda. Ila huku kwetu kuna kitu hakisemwi kwenye ushauri wa nchi za baridi, ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaenezwa na visubi wanaouma kuanzia magharibi mpaka alfajiri, na kinga mojawapo ni kuwaingiza ndani saa hizo. (Wale wadudu wa ziwa wanaojaa kwenye taa hawaumi, msiwasingizie.) Kwa hiyo unavutwa huku na huku, pafu linataka alale nje, visubi wanakulazimisha umwingize ndani. Nilichomshauri mama ni chanjo kupitia dokta, kuingia kabla jua halijazama, kutoka asubuhi mapema, na kwa kuwa usiku mzima yupo ndani basi hiyo hei ya usiku ndo isikosewe hata siku moja, maana kosa la masaa mawili tu linaweza kumrudisha kwenye kuhema.

Dawa zipo na sizikatai. Akihema vile amesimama dokta anaweza kumpa deksamethasoni, ambayo ni steroidi, siku chache kutuliza uvimbe na dawa ya kupanua mirija, jike huyu alipewa. Tatizo langu ni pale zinapotumika badala ya kazi ya banda, sindano inaisha, vumbi lipo, anarudi, anachomwa tena, na steroidi za mara kwa mara zinaweza kuleta balaa la kwato kwa farasi mnene.

Kukohoa kulipungua baada ya wiki kadhaa, pumzi zikashuka chini ya 16, na dokta aliporudi na kamera baadaye yale makohozi yalikuwa 2, sio 0. Makohozi yanachelewa kuisha hata farasi akionekana mzima. Mama alinipigia juzi, "bwana mifugo, sasa si amepona, naweza kurudisha wavu? Saisi analalamika maji mazito." Nikamwambia hapana mama, mapafu haya yatabaki mepesi kushtuka maisha yake yote, amlipe saisi kidogo zaidi kwa yale mapipa, na siku akimuuza amwambie mnunuzi.