Mapenzi ya Wapinzani wa Sokoni Yasomeke Kwenye Daftari la Duka

Katika hadithi nyingi za mapenzi zinazowekwa sokoni, soko lenyewe halina kazi. Wenye maduka wawili hutupiana maneno katika sura ya kwanza, mvua huwakutanisha chini ya turubai katika sura ya pili, na kufikia ya tatu wote wamesahau wanauza nini. Mimi naamini kwamba mapenzi ya namna hii, yakitakiwa yaende polepole na kwa staha, hayana budi kupita ndani ya biashara, kwenye chenji, bei na mkopo, kwa sababu humo ndimo washindani wawili wanamofahamiana kuliko wanavyofahamiana na ndugu zao.

Tuchukue Mtaa wa Uhuru jijini Dar es Salaam, unaojulikana kwa maduka ya kanga na vitenge. Mwandishi na aweke hapo mwanamke mjane na mwanamume ambaye hajaoa, fremu zao zikitazamana, wote wawili wakichukua mzigo kwa muuzaji mmoja wa jumla. Ushindani wao lazima uwe wa kweli: kanga anayoitundika huyu mlangoni leo ikivuta wateja, kesho mwenzake naye ataitundika, na winga aliyesimama njiani atampeleka mteja kwa yule anayempa nafasi nzuri zaidi ya kuweka cha juu. Msomaji asipoona kwamba faida ya mmoja inamuumiza mwingine, hataona pia uzito wa siku ambayo mmoja ataamua kuiacha faida hiyo.

Staha nayo iwe na sababu inayoonekana. Mjane huyu anaishi kwa mali kauli, yaani anachukua mzigo bila kulipa na kurudisha fedha akishauza, na dhamana yake ni jina lake tu. Wapagazi, mawinga, mama lishe na majirani wa fremu wanamtazama kutwa nzima, na neno likimfikia muuzaji wa jumla kwamba siku hizi mama huyu akili yake haipo dukani, mzigo unaofuata atadaiwa fedha taslimu. Kwa hiyo ukimya wa wawili hawa si haya peke yake, bali ni ulinzi wa riziki, na mwanamume anayempenda kweli ndiye atakayekuwa wa kwanza kuulinda.

Sasa hebu tuone jinsi jambo hilo linavyoweza kutendeka. Ni mwezi wa Shaabani, harusi zinafuatana kabla ya Ramadhani kuingia, na kundi la akina mama linafika kwa mjane likitaka doti 30 za kanga moja kwa ajili ya sare. Yeye anazo 18. Doti 12 zilizobaki ziko ng'ambo, na desturi ya jirani ni kumpa jirani mwenzake mzigo kwa kuongeza kidogo, tuseme shilingi 1,000 kwa kila doti. Kijana wa dukani anatumwa, naye anarudi na doti zote 12 pamoja na karatasi yenye bei ileile ya jumla ambayo mjane anaijua kwa kuwa ndiyo anayonunulia yeye mwenyewe. Hakuna salamu iliyoandikwa wala ujumbe uliotumwa. Shilingi 12,000 zimeachwa, na katika mtaa mzima ni watu wawili tu wanaoweza kuisoma karatasi hiyo na kuielewa.

Mjane naye asijibu kwa tabasamu la ghafla. Anaandika deni kwenye daftari, analilipa jioni hiyohiyo ingawa hakupangiwa siku, na wiki inayofuata, mteja anapoulizia kitenge ambacho yeye anacho lakini cha ng'ambo kina rangi iliyokolea zaidi, anamwambia, “Mwanangu, vuka kwa jirani hapo, chake ni kizuri.” Sentensi hiyo moja, ikitoka kwa mtu ambaye kwa kurasa 100 hajawahi kumsifia mwenzake bidhaa, ina joto kuliko kukumbatiana.

Kishawishi kikubwa ni kumfanya mwanamume atume kanga yenye maneno ya mapenzi. Ningemshauri mwandishi ajizuie. Katika mtaa ambao kila mtu anayasoma maneno ya kanga kwa kazi yake, zawadi hiyo ni tangazo, nayo ingemwanika mjane mbele ya walewale wanaoshikilia jina lake. Likifika la posa, lipitie kwa mshenga aende kwa wazee wake, mbali na dukani. Wala sioni sababu ya fremu mbili kugeuzwa moja baada ya ndoa, kwa kuwa mwanamke huyu aliijenga biashara yake kabla ya kupendwa. Aendelee kuweka daftari lake, na mumewe akichukua mzigo kwake, aandikwe humo pamoja na wadaiwa wengine.