Tone la mwisho la titresheni: waridi kuisha au bluu kuanza?

Kupima surfaktanti za anioni, yaani viondoa uchafu vyenye chaji hasi, kwenye sabuni ya unga kwa titresheni ya tabaka mbili, maji juu na kloroformu chini, si kazi ngumu. Kinachozua ubishi ni lini bureti ifungwe. Wapo wanaofunga mara waridi inapotoweka kwenye kloroformu na kubaki kijivu chenye ubluu kidogo. Wengine hawatulii mpaka waione bluu yenyewe.

Kikemia, wa kwanza wana haki. Kiashiria mchanganyiko kina rangi mbili. Dimidiamu, yenye chaji chanya, hushikana na surfaktanti na kuzama nayo kwenye kloroformu iliyo chini, ndiyo maana tabaka hilo huanza likiwa la waridi. Benzethoniamu kloraidi, nayo yenye chaji chanya, ikidondoshwa kutoka kwenye bureti, huchukua nafasi ya dimidiamu. Surfaktanti ikiisha, tone linalozidi hushikana na rangi ya pili, bluu ya disulfini, na kuiingiza kwenye kloroformu. Kwa hiyo bluu kamili ni dalili kwamba umeshapita.

Hata hivyo, wa pili nao wana hoja: kijivu hupotea upesi, na kwenye mwanga hafifu watu wawili hawakionei mahali pamoja. Bluu haina utata.

Tuseme gramu 10 za sabuni zimeyeyushwa hadi lita 1, ukachukua mililita 25 na kutumia mililita 26.9 za benzethoniamu ya 0.004 mol/l. Hizo ni milimoli 0.1076 kwenye pipeti, yaani 4.304 kwenye lita nzima. Kwa uzito wa moli wa 348, unapata asilimia 15.0. Aliyesubiri bluu akafika 27.2 atapata 15.1. Lakini ukibadilisha uzito wa moli uwe 342, kwa kuwa minyororo ya kaboni ya malighafi haina urefu mmoja, yule wa 26.9 anashuka hadi 14.7. Ugomvi wa rangi, basi, ni mdogo kuliko namba ambayo wengi huinakili bila kuiuliza.

Tena, benzethoniamu hupimwa nguvu yake kwa sodiamu laurili salfeti safi, kwa kiashiria hichohicho. Anayefunga kwenye bluu pote pawili hufuta sehemu kubwa ya kosa lake. Hatari ni kusanifisha kwenye kijivu kisha kupima kwenye bluu, au kumwachia mwenzako nusu ya kazi.

Mimi ningefunga kwenye kijivu, nikiongozwa na kuachana kwa tabaka kuliko rangi: mwanzoni tabaka huchelewa kuachana baada ya kutikisa, na zikianza kuachana haraka, mwisho umekaribia, nami huhamia tone kwa tone. Asiyetofautisha waridi na kijivu atumie elektrodi. Sabuni ya kawaida ya mafuta haitaonekana kwa vyovyote, kwa kuwa asidi iliyo kwenye kiashiria huigeuza kuwa asidi ya mafuta isiyo na chaji.