Wavuvi wa Lamu, triangulesheni na swali la mtahini

"Mwalimu, tasnifu yangu ya uzamili inahusu maisha ya wavuvi wa Lamu baada ya bahari kuchimbwa kwa ajili ya bandari mpya. Nimewahoji wavuvi 18, nikafanya majadiliano mawili ya vikundi, nikamhoji na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo. Wote wanasema samaki wamepungua. Mtahini ameandika: 'Haya ni maoni ya wahojiwa yaliyochujwa na maoni ya mtafiti. Uhalali uko wapi?' Nikimjibu kwamba nimetumia triangulesheni, yaani nimelinganisha vyanzo zaidi ya kimoja, jibu litatosha?"

Kwa hali ilivyo, halitatosha. Mtahini makini atakuuliza swali la pili ambalo ni gumu kuliko la kwanza: hivyo vyanzo vyako vitatu vinatofautiana kwa lipi?

Norman Denzin, aliyeieneza istilahi ya triangulesheni katika utafiti wa kimaelezo mwaka 1970, alitaja aina nne: kulinganisha data za watu, nyakati na mahali tofauti, kuwatumia watafiti zaidi ya mmoja, kuisoma data kwa nadharia zaidi ya moja, na kutumia mbinu tofauti. Kwenye karatasi unaweza kudai mbili kati ya hizo, kwa sababu una mahojiano na majadiliano, na una wavuvi na kiongozi wao. Lakini njia zote ulizotumia ni za kuuliza, na uliowauliza ni watu wa kundi moja.

Nahodha anayetafuta mahali pake pa kuvulia hutazama alama mbili za nchi kavu zilizo pande tofauti, mnara huku na mnazi mrefu kule. Alama zote mbili zikiwa upande mmoja, hata akiongeza ya tatu na ya nne, bado hajui yuko wapi. Nguvu ya triangulesheni inatokana na hilo. Haitokani na wingi wa vyanzo. Inatokana na kwamba kila chanzo kina njia yake ya kukosea, na njia hizo hazifanani. Vinavyokosea kwa njia tofauti vikakubaliana, makubaliano yao yana uzito. Vikiwa na sababu moja ya kuelekea upande mmoja, kukubaliana kwao hakukuongezei kitu.

Lamu sababu hiyo ipo, na mtahini anayeijua pwani ataiona. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari. Gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021. Mvuvi anayehojiwa na mgeni mwenye daftari na kinasa sauti, katika mazingira ya madai ya namna hiyo, ana haki kabisa ya kudhani maneno yake yataishia kwenye faili la malipo. Mwenyekiti wa BMU ni msemaji wa watu haohao. Na katika majadiliano ya kikundi, nani atainuka mbele ya wenzake aseme kwamba yeye msimu huu alipata vizuri? Sisemi wanadanganya. Nasema tu kwamba hata kama wangekuwa wametia chumvi, mpango wako wa utafiti usingeweza kuigundua.

Kufikia hapa mtahini yuko sawa. Lakini upande wa pili nao una hoja nzito, na ni kosa kuukubali mzigo wote anaokutwika. Lincoln na Guba walipendekeza mwaka 1985 kwamba utafiti wa kimaelezo upimwe kwa vigezo vyake wenyewe: je, matokeo yanasadikika, yanaweza kueleweka na kutumika mahali pengine, mwenendo wa utafiti unafuatilika, na data inaonekana nyuma ya kila dai? Kwa mtazamo huo, mvuvi anayesema "bahari imekufa" hajakosea kipimo. Anaeleza namna anavyoishi na hasara, na hilo ni tokeo kamili ambalo hakuna mizani inayoweza kulithibitisha au kulikanusha. Wapo hata wanaoikataa triangulesheni yenyewe kwa sababu inachukulia kwamba uko ukweli mmoja unaotazamwa kutoka pembe tatu, ilhali mahojiano na rejista ya samaki havitazami kitu kimoja hata kidogo.

Nawaheshimu wenye hoja hii, lakini haikuokoi wewe, kwa sababu ya sentensi uliyoiandika. "Wavuvi wanaeleza kupungua kwa samaki" ni dai kuhusu maelezo. "Samaki wamepungua kutokana na uchimbaji" ni dai kuhusu bahari. La kwanza unaweza kulitetea kwa mahojiano yaliyofanywa vizuri. La pili unalidai kwa ushahidi wa la kwanza, na hapo ndipo mtahini alipokukamata. Pitia sura ya matokeo sentensi kwa sentensi, uweke alama kila mahali ulipovuka kutoka dai moja kwenda jingine bila kumwambia msomaji. Nadhani utashangaa ni mara ngapi.

Ukitaka kulishikilia dai la pili hata kwa kiasi, tafuta chanzo kinachokosea kwa njia yake. Diko la samaki lina rejista, ambamo uzito na aina ya samaki waliotua huandikwa. Tuseme umepata ruhusa ya kuisoma, na jumla ya mwaka haionyeshi kushuka. Wanafunzi wengi hapa hushikwa na hofu, wakaificha rejista au wakayatupa mahojiano. Vyote viwili ni kosa, maana hapo ndipo kazi inapoanza kuwa na thamani.

Anza na misimu. Wakati wa kusi bahari kuu inachafuka, na mwenye dau au mashua ndogo huvua ndani, kwenye mikondo na ghuba zilizokingwa na visiwa. Ghuba ya Manda, penye bandari, ni mojawapo. Kaskazi ikiingia, bahari inatulia na vyombo hutoka nje ya miamba. Kwa hiyo jumla ya mwaka inaweza kubaki palepale huku miezi ya kusi ikiwa imeporomoka, kwa sababu kaskazi inafidia. Itenganishe rejista kwa misimu kabla ya kusema inawapinga wavuvi. Kisha rudi kwenye mahojiano uangalie: walipolalamika, walikuwa wakisema habari za msimu gani? Kama hukuuliza, rudi ukaulize.

Halafu angalia jasho lililotumika. Rejista inaandika kilo, haiandiki umbali. Chombo kilichokuwa kikivua karibu na sasa kinakwenda mbali kwa mashine kinaweza kuleta kilo zilezile, lakini petroli na barafu vimekula faida yote. Mvuvi anaposema "samaki hakuna", pengine maana yake ni kwamba samaki wa bei nafuu kuwafikia hakuna. Rejista iko sahihi na mvuvi yuko sahihi, na maelezo yanayowapatanisha ni tokeo jipya ambalo hukuwa nalo. Hili unaweza kulipima kwa kukaa dikoni: saa ya chombo kutoka, saa ya kurudi, mafuta yaliyonunuliwa, samaki walioshuka. Kaa siku za bamvua na siku za maji mafu pia, maana ukikaa bamvua peke yake utarudi na picha ya bamvua.

Rejista nayo ina udhaifu wake. Samaki waliouzwa baharini kwa tajiri, au walioshushwa mahali pasipo na mwandishi, hawamo. Ndiyo maana ningependa uzungumze na mama karanga. Wao hununua samaki wadogo kila siku, wanajua bei na uhaba, na wengi hawana jina kwenye orodha ya wavuvi. Nao si mashahidi wasio na upande, kwani samaki wakiadimika kwao bei hupanda. Lakini upande wao si ule wa mvuvi anayedai fidia, na tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta.

Sandra Mathison aliandika mwaka 1988 kwamba triangulesheni inaweza kuzaa matokeo matatu: makubaliano, kutolingana na kupingana, na kwamba kazi ya mtafiti ni kueleza kwa nini imekuwa hivyo. Nadhani huu ndio msimamo unaofaa kuutetea mbele ya jopo. Usiseme "vyanzo vyangu vimethibitisha". Sema vyanzo vyako vilikubaliana wapi, viliachana wapi, na unaelezaje kuachana huko. Mtahini anayeogopa maoni binafsi hutulia anapoona mtafiti ameweka mezani data inayomsumbua.

Limebaki shtaka la maoni yako wewe mwenyewe, na hili triangulesheni ya vyanzo hailijibu. Rejista, mama karanga na wavuvi wote wanapita mikononi mwa mtu mmoja anayechagua nukuu. Mpe msomaji mwenzako nakala mbili tatu za mahojiano bila misimbo yako, azigawe kwa mada mwenyewe, kisha mkae mjadili mlipotofautiana. Andika mlichoamua na sababu yake, tarehe ikiwa pembeni. Tafuta pia katika wale 18 aliyekwenda kinyume na wenzake. Kama yupo mwenye chombo kikubwa anayesema hali yake haikubadilika, asibaki kwenye kiambatisho. Mlete katikati ya sura, kwa sababu yeye ndiye anayeonyesha kwamba hasara haikuwaangukia wote sawa, bali iliwaangukia zaidi wasioweza kutoka nje ya miamba. Na kama wewe ni mtoto wa mvuvi wa Pate au Kizingitini, liandike hilo kwenye sura ya mbinu, ueleze lilikufungulia milango gani na huenda lilikufanya usiulize nini.

Katika barua ya kujibu mtahini ningeandika hivi: "Nimekubali kwamba mahojiano na majadiliano yalitoka kwenye kundi lenye maslahi ya pamoja. Nimeongeza rejista ya diko iliyotenganishwa kwa misimu, uchunguzi wa diko na mahojiano na wanunuzi. Dai kwamba samaki wamepungua nimelipunguza likawa dai kuhusu uvuvi wa ndani wakati wa kusi na gharama ya kuwafikia samaki. Sababu ya kiikolojia utafiti huu hauwezi kuithibitisha." Sentensi ya mwisho usiiondoe hata msimamizi akiona inakudhoofisha, kwa kuwa kutenganisha athari ya uchimbaji na athari ya wingi wa nyavu au joto la maji kunahitaji vipimo vya bahari ambavyo huna.

Kisha warudishie wavuvi matokeo kabla hujafunga kazi, yakiwa kwa Kiswahili na kwa mdomo. Wengine hawatapenda kusikia kwamba jumla ya mwaka haikushuka. Pingamizi lao liandike kama walivyolisema, lakini usibadilishe tokeo kwa sababu tu limewaudhi. Libadilishe wakikuonyesha siku ambazo mwandishi wa rejista hakuwepo dikoni.